Kazi ya Noeli na Bonane: Tuulize Tarehe Kabla ya Kuuliza Pesa
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Kalemie, mwezi wa Novemba 2025



Komite imetuomba sisi wa kazi ya terene tuseme juu ya jambo moja tu: kazi ya kuuza dukani wakati wa sikukuu. Mmeshaona afishi zimeanza kubandikwa mjini. «Tunatafuta wauzaji wanne, wasichana au wavulana, kuanzia 1/12, malipo kwa siku.» Mwaka jana baadhi yetu tuliifanya kazi hiyo, na mambo ya mwaka jana njo yametufanya tutayarishe maneno haya mapema, kabla mtu hajasimama nyuma ya meza ya patroni.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe iko namna gani. Huku kwetu duka la nguo, la viatu vya watoto na la vikwembe linaweza kulala miezi mingi, halafu Disemba linaamka. Mali inafika mwezi wa Novemba, nyingine kwa maboti ya Kigoma. Wateja wanaanza polepole, wanajaa kuanzia tarehe 15 hivi, na siku tatu za mwisho kabla ya Noeli hata mlango haufungiki. Kisha Noeli ikipita, nguo zinapungua, watu wanageukia mchele, mafuta na vinywaji vya Bonane. Januari ikifika, pesa ya watu imekwisha na duka linarudi kulala. Kwa hiyo patroni hana kazi ya mwaka mzima ya kukupa, na si kosa lake. Ana kazi ya wiki nne au tano. Tunalosema sisi ni kwamba wiki hizo ziwe na mwanzo unaojulikana na mwisho unaojulikana.

Watu wengi wakisoma afishi wanauliza bei ya siku tu. Elfu kumi na mbili? Elfu kumi na tano? Wanakubali au wanakataa. Hawaulizi inaisha lini. Kumbe kwenye ile tarehe ya mwisho ndipo mambo mengi yamejificha.

Sheria ya kazi ya nchi yetu ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 40 kinazungumza juu ya mtu anayeajiriwa siku kwa siku, yule tunayemwita kibarua. Kinasema hivi kwa maneno yetu: kama mtu ameshatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, basi ajira hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Yaani si kibarua tena. Kumfukuza kunataka sababu na notisi, kama mfanyakazi mwingine.

Sasa chukueni kalenda ya mwaka huu. Tarehe 1 Disemba ni Jumatatu. Dada anaanza siku hiyo, anafanya siku sita kwa wiki na kupumzika Jumapili. Jumamosi ya tarehe 6 ana siku 6. Tarehe 13 ana 12. Tarehe 20 ana 18. Anafanya 22, 23 na 24, anakuwa na 21. Tarehe 25 ni Noeli, duka limefungwa. Ijumaa tarehe 26 anatimiza siku ya 22. Akiitwa tena Jumamosi ya 27, kifungu cha 40 kimeshaanza kumhusu.

Mnaona sasa kwa nini mapatroni wengine wanaojua sheria wanasema tarehe 24 jioni, «Asante, tutakuita»? Wamehesabu. Na wengine ambao hawajui wanamrudisha mtu mpaka 31, halafu wanamwambia kwaheri mlangoni bila karatasi yoyote. Yule wa kwanza anamnyima dada siku za Bonane alizokuwa anazitegemea. Yule wa pili anajiingiza mwenyewe kwenye shida bila kujua. Hakuna anayepata faida hapo.

Njia iliyo wazi ni kontra ya muda maalum, iliyoandikwa, yenye tarehe mbili: ya kuanza na ya kumaliza. Kontra ya namna hiyo haihesabiwi siku kwa siku, kwa hiyo patroni haogopi zile siku 22, na anaweza kumuweka mtu mpaka 31 Disemba au hata tarehe 3 Januari kwa kuhesabu stoki. Dada naye anajua pesa yake yote itakuwa ngapi. Tena patroni akimuondoa katikati bila kosa zito, anaweza kudaiwa malipo ya siku zilizobaki mpaka mwisho wa kontra. Lakini kontra inamfunga dada pia: hawezi kuondoka tarehe 18 kwa sababu duka la jirani limeongeza elfu mbili. Tunaomba vijana walisikie hilo, maana wapo wanaopenda nusu ya kwanza ya maneno haya tu.

Mtu ataniambia: patroni wa Kalemie, wa duka la mlango mmoja, ataandika kontra? Ni kweli, wengine watakataa. Lakini karatasi si lazima iwe ya notari. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, nakala mbili, sahihi mbili. Mwaka huu tumetayarisha maneno mafupi, yapo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Ya Kiswahili yanasema hivi:

«Duka … linamuajiri … kuwa muuzaji kwa msimu wa sikukuu, kutoka tarehe 1/12/2025 hadi tarehe 31/12/2025. Saa za kazi: kutoka saa … hadi saa …, na pumziko la saa moja. Siku ya kupumzika: … Malipo kwa siku: faranga … Yatalipwa kila Jumamosi jioni. Siku za kujifunza zinahesabiwa na kulipwa kama siku nyingine. Hesabu ya mali inafanywa asubuhi na jioni, wote wawili wakiwepo.»

Ni hayo tu. Patroni akiyaona hivyo mafupi, mara nyingi haoni sababu ya kukataa. Na akikataa kuandika hata tarehe, basi na hiyo ni habari juu yake. Mpime vizuri kabla ya kukubali.

Sasa tuje kwenye pesa. Mshahara wa chini kabisa wa nchi, ule unaoitwa SMIG, ulikaa faranga 7.075 kwa siku tangu 2018. Mwaka huu wa 2025 dekreti imeupandisha hadi faranga 14.500. Hiyo ni ya mfanyakazi wa chini kabisa, asiye na ufundi wowote. Muuzaji anayehesabu pesa na kuandika stoki angestahili zaidi ya hapo. Afishi inayosema elfu kumi iko chini ya sheria, hata kama mtaa mzima unalipa elfu kumi.

Kuna maduka yanayoandika malipo kwa dola. Tuwe na macho hapo. Sheria inataka mshahara upatanwe kwa pesa halali ya nchi, ni kusema faranga. Na mwaka huu kuna sababu nyingine, maana faranga imepata nguvu na dola imeshuka. Tuseme patroni alikuahidi dola 6 kwa siku. Dola moja ikiwa faranga 2.800, hiyo ni 16.800. Ikishuka hadi 2.300, dola zilezile 6 zinakuwa 13.800, na umeshaingia chini ya SMIG bila mtu kukupunguzia chochote. Andikeni faranga.

Halafu saa. Tuseme duka linafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja jioni, na muuzaji anapumzika saa moja kwa kula. Hizo ni saa 10 za kazi, mara siku sita, saa 60 kwa wiki. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki. Saa 15 zilizobaki ni saa za ziada na bei yake inapaswa kuwa juu ya saa ya kawaida. Hatutawadanganya kwamba maduka yanalipa hivyo. Mengi hayalipi. Lakini ukijua hesabu hiyo una neno la kusema wakati wa kupatana: «Papa, kwa saa hizi, elfu kumi na tano ni kidogo, tuweke kumi na nane, ama nitoke saa kumi na moja.» Mwaka jana wawili walisema hivyo, mmoja akaongezewa na mwingine akaruhusiwa kutoka mapema. Wote wawili walisema kwa upole, na kabla ya siku ya kwanza. Ukisema tarehe 20 duka likiwa limejaa, patroni anasikia kama unamtisha.

Jambo linaloleta ugomvi kuliko yote ni manko, ile pesa inayopungua kwenye kesi. Hapa tutatoa mfano wa mwaka jana, wa mwanamemba mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka kambi za Tanzania. Ametukubalia tuuseme, jina lake na la duka tunayaacha.

Aliajiriwa kwa mdomo, elfu 12 kwa siku, kuanzia Jumatatu tarehe 2 Disemba 2024. Alifanya siku sita kwa wiki, na ile Jumapili ya tarehe 22 duka lilifunguliwa naye akafanya. Mpaka 24 jioni alikuwa na siku 21. Siku 21 mara elfu 12 ni faranga 252.000. Hakuwa amelipwa hata siku moja, kwa sababu waliambiwa pesa yote itatoka Noeli. Jioni ile alipewa 152.000. Patroni alisema siku tatu za kwanza zilikuwa za majaribio, hazilipwi: 36.000. Na manko ni 64.000. Dada alirudi nyumbani usiku na pesa hiyo, na watoto walikuwa wanangoja.

Alikuwa na bahati moja, na bahati hiyo alijitengenezea mwenyewe. Kambini alikuwa ameshika daftari la kikundi cha akina mama, na mazoea hayo hakuyaacha. Kila jioni aliandika kwenye daftari la shule: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, vitu alivyouza na bei. Tulikaa naye na daftari lile, tukavunjavunja ile 64.000.

Elfu 20 ilikuwa pea moja ya viatu vya mtoto iliyopotea kwenye fujo ya tarehe 23. Elfu 15 ilikuwa noti ya dola 5 iliyochanika kidogo pembeni. Aliipokea kwa mteja, patroni akaikataa, na mnajua wenyewe huku kwetu noti ya dola iliyochanika hata kidogo haitembei. Elfu 29 iliyobaki haikuwa imepotea kabisa. Patroni alikuwa anahesabu bei iliyoandikwa kwenye mali, kumbe wateja wanapatana. Gauni la 25.000 linauzwa 22.000, na patroni mwenyewe alisimama pale akasema «mpe». Kila gauni la namna hiyo lilizaa manko ya 3.000 kwenye karatasi.

Alirudishwa kazini tarehe 27, akafanya 27, 28, 30 na 31, ikawa siku 25 jumla. Hesabuni wenyewe: siku ya 22 ilikuwa tarehe 27. Januari tulimsindikiza kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi. Kesi ya kazi haiwezi kwenda tribinali bila kupita kwanza kwa mkaguzi ili kupatanisha. Mkaguzi alimuonyesha patroni kifungu cha 40, akamwambia kwa utulivu kwamba yule siye kibarua tena. Patroni hakuwa mtu mbaya, alishtuka tu. Walipatana: siku tatu za majaribio zilipwe, maana majaribio ni kazi, ile 29.000 irudishwe; siku nne za mwisho zilipwe zote. Viatu na noti dada alikubali kuvibeba. Alipata 36.000 na 29.000 na 48.000, jumla 113.000, na yeye upande wake akaacha kudai kubaki kazini. Wengine kati yetu walisema angekaza zaidi. Sisi tunaona alichagua vizuri, kwa sababu duka lenyewe Januari halikuwa na kazi, na pesa ya shule ilikuwa inadaiwa.

Kwa hiyo juu ya manko, mambo matatu yapatanwe siku ya kwanza. Kila aina ya mali iwe na bei ya kuanzia na bei ya mwisho, iliyoandikwa, ambayo muuzaji haruhusiwi kushuka chini yake. Hesabu ya jioni ifuate bei iliyouzwa kweli. Kesi iwe na mtu mmoja kwa zamu moja. Wauzaji watatu wakitia mikono kwenye sanduku moja, hakuna anayeweza kusema manko ni ya nani, na patroni akigawanya kwa watatu anamlipisha asiye na kosa. Tena mali ihesabiwe asubuhi mbele ya muuzaji. Vilivyokuwepo asubuhi, ongeza vilivyotoka depo, toa vilivyouzwa: hicho kinachobaki njo kiwe kwenye rafu jioni. Ukipokea rafu bila kuihesabu, umepokea pia manko ya mtu wa jana.

Na juu ya malipo ya simu, usitoe mali kwa sababu mteja amekuonyesha mesaji kwenye simu yake. Ngoja mesaji ifike kwenye simu ya duka. Disemba watu wa ujanja wanajua muuzaji ni mgeni na ana haraka.

Kwa wafadhili wetu tuna neno moja. Mwaka jana mmoja wenu aliuliza kama mnaweza kuongezea pesa juu ya mshahara wa vijana hawa. Tunashukuru, lakini tunaomba msifanye hivyo. Patroni akijua kuna anayeongeza, atapunguza upande wake, na vijana wa mji ambao hawakukimbia watasema wanaorudi wanapendelewa. Kinachotusaidia ni kisanduku cha avansi. Muuzaji anahitaji pesa ya moto, ya chakula cha mchana, na labda viatu na shati safi, siku sita au saba kabla ya malipo ya kwanza. Wengi waliacha kazi wiki ya kwanza kwa ajili ya hiyo tu. Wengine walichukua avansi kwa patroni, na tarehe 24 hawakujua tena wanadai ngapi. Kikundi kikimkopesha mtu faranga 30.000 na akarudisha 10.000 kila Jumamosi ya malipo, kwa wiki tatu deni limekwisha, na pesa ileile inamngoja wa mwaka ujao.

Kuhusu karatasi za kujitambulisha, kadi ya mpiga kura inatosha kwa maduka mengi. Asiyekuwa nayo aje na karatasi yake ya kurudi, tutaongozana naye. Na wale waliosoma Tanzania wasifiche cheti chao kwa sababu ya Kifaransa. Wateja hapa wanazungumza Kiswahili. Kifaransa kinachotakiwa ni maneno machache ya kwenye daftari la stoki, na Mama mweka hazina amekubali kuyafundisha Jumamosi mbili hizi, saa nane, hapahapa.

Wenye afishi wazilete kabla ya tarehe 24 Novemba tuzisome pamoja. Na mtu akiwa na shida ya malipo mwezi wa Disemba, asingoje Noeli ipite. Tarehe 25 mwaka huu ni Alhamisi, tarehe 1 Januari ni Alhamisi pia, na kati ya hizo mbili ni vigumu kumpata mtu ofisini. Aje na daftari lake Jumatatu ya tarehe 22, asubuhi.